Sekunde Tisa za Mzee Marhoon

Rahila alikuwa na duka Hamriya, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi Mhindi anayeshona dishdasha, kanzu za Kiomani. Kibao chake kilikuwa kidogo makusudi. Watu waliokuwa na haja naye hawakuhitaji kibao, kwa sababu alikuwa akipiga video harusi za wanawake, na katika Maskati ya miaka ile mwanamke wa kupiga video hakutafutwa kwa tangazo. Alitafutwa kwa mdomo. Mama anamwambia mama, shangazi anaapa, na Rahila anafika ukumbini na begi lake begani, abaya imefungwa vizuri, uso kama hakimu.

Sifa yake kubwa haikuwa picha. Picha zake, kusema kweli, zilikuwa za kawaida, na bibi harusi mmoja aliwahi kulalamika kwamba keki imeonekana kuliko yeye. Sifa yake ilikuwa hii: akishakukabidhi kazi yako, anafuta. Anakukalisha mbele ya kompyuta, uone kwa macho yako faili linakwenda, na kapu la taka linamwagwa. "Kwangu hakibaki kitu," husema, na kwa neno hilo moja alipata harusi kutoka Sib mpaka Sur. Ukifikiria wanawake mia tatu waliovua mitandio wakacheza mpaka wakasahau umri wao, utaelewa kwa nini neno lile lilikuwa na thamani kuliko kamera.

Neno hilohilo ndilo lililomtia matatani mwaka elfu mbili na sita.

Mambo yalianza kwa kitabu. Ukoo mmoja wa watu waliotoka Tabora na Mwanza, wakarudi Oman miaka ya sabini, waliamua kuandika kitabu cha nasaba yao, nani kamzaa nani, ili watoto wasioane bila kujuana wala kugombana bila kujua wanagombana na ndugu. Wakakutana Sib, nyumbani kwa mzee wao Marhoon, mkutano wa saa tatu nzima, wanaume upande huu wa majlisi, ukumbi wa wageni, na wanawake upande ule. Rahila akaitwa arekodi. Akaweka kamera kwenye miguu mitatu, akamlenga mzee Marhoon na walio karibu yake pande zote mbili, akaunganisha waya kwenye kompyuta yake ndogo, na mkutano wote ukaingia moja kwa moja kama faili moja refu. Baada ya hapo akakaa, akanywa kahawa, kwa sababu mkutano si harusi. Hakuna anayecheza.

Katikati ya mkutano, Bi Shariffa akauliza swali lake.

Bi Shariffa alikuwa na miaka sitini na nane. Baba yake, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa Marhoon, alifia Tabora yeye akiwa mchanga. Mama yake alikuwa Mnyamwezi. Na tangu Shariffa apate akili, palikuwa na minong'ono, si ya kumtukana, ni ile ya kushusha sauti anapoingia, kwamba mama yule hakuolewa, alikuwa akikaa tu mle nyumbani. Kitabu kilikuwa na safu ya wake wa ndoa. Mwandishi akifika kwenye jina la mama yake Shariffa, kalamu ilikuwa inasita. Basi siku ile Shariffa akasema mbele ya watu wote, na sauti yake haikutetemeka:

"Ami Marhoon, wewe ndiye uliyebaki. Mama yangu aliolewa, hakuolewa?"

Na pale pale, msikiti wa nyuma ya nyumba ukaanza adhana ya alasiri.

Sasa mzee Marhoon alikuwa na tabia yake, wote wanaijua: adhana ikipigwa, hasemi neno. Hata nyumba ikiwaka moto angengoja imalizike. Majlisi yote ikanyamaza. Shariffa mwenyewe akavuta mtandio, akainamisha kichwa, akawa anamjibu mwadhini kimyakimya. Wengine wakatazama mazulia. Adhana ikaisha, watu wakainuka kwenda kutawadha. Waliporudi kulikuwa na halua, kulikuwa na kijana wa Mwanza aliyepiga simu kutoka huko, mazungumzo yakashika njia nyingine, na swali likabaki limekaa pale kama kikombe ambacho hakuna aliyekuja kukichukua. Shariffa hakuliuliza tena. Mtu hupata ujasiri wa namna ile mara moja.

Miezi miwili baadaye mzee Marhoon akafariki, Mungu amrehemu.

Hapa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa la Rahila lilikuwa limeshatendeka kabla ya mazishi.

Saa tatu za maneno lazima ziandikwe, na hakuna katika ukoo ule aliyekubali kuziandika peke yake. Wakaamua kugawana: watu kumi na wawili, kila mmoja robo saa, kila mmoja sidii yake. Rahila akatakiwa alikate lile faili mapande kumi na mawili yaliyo sawa. Kazi ndogo. Lakini hakutaka kuyapika upya, yaani kompyuta ichore kila picha tena, maana kompyuta yake ilikuwa ya umri wa kati kama yeye mwenyewe, na kupika upya mkutano mzima kungeichukua mchana kutwa ikikoroma, halafu nyuso ambazo tayari zilikuwa ndogo zingezidi kuvurugika. Alikuwa na programu ya bure inayokata bila kupika: inayachukua yaliyomo kama yalivyo na kuyahamisha tu, kama mtu anayegawa mkate kwa kisu badala ya kuusaga na kuuoka tena. Dakika tano, kazi imekwisha.

Sharti la programu ile lilikuwa moja. Inakata penye picha kamili tu. Rahila alizipachika picha hizo jina la picha mama. Faili la video, kwa maelezo yake, si picha elfu na elfu zilizokamilika. Kila baada ya muda inakuja picha mama, imechorwa yote, ukuta, mazulia, ndevu. Zinazofuata ni watoto, wao hawachori kitu kizima. Wanasema tu kilichobadilika: mkono umesogea, kikombe kimeondoka. Katika mkutano wa watu waliokaa kimya hakuna kinachobadilika sana, kwa hiyo picha mama huja kwa nadra, na ya Rahila aliipanga ije kila baada ya sekunde kumi na mbili, kubana nafasi. Ukikata penye picha mama, kila pande linaanza na uso mzima. Lakini picha mama haiji kwa saa ya mkononi; mtu akisimama ghafla, huja kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mapande yakatoka sawa kwa kukaribia: moja dakika kumi na tano na sekunde saba, jingine dakika kumi na nne na sekunde hamsini na tano.

Ndipo Anas akaja dukani.

Anas alikuwa karani wa wizara moja, anakaa Al Amerat, mtu mzuri, mwenye saa kubwa. Alikuwa amepewa pande la sita, akalipima. Akasema yeye kaandikiwa robo saa, si robo saa na sekunde saba, na kwamba Ghadeer, binti wa marehemu shangazi yake, kapewa pungufu. Rahila akamweleza habari ya picha mama. Anas akasikiliza kwa adabu yote, kisha akasema mambo ya mama wa picha hayajui, lakini sawa ni sawa. Jioni yake wakapiga simu wengine watatu. Ukoo mzima, ambao haukuweza kukubaliana nani kamzaa nani, ulikubaliana kuhusu sekunde saba.

Rahila akachoka nao. Ndani ya programu palikuwa na kijisanduku kilichotiwa alama: kata penye picha kamili pekee. Akaiondoa alama. Programu ikamwonya, akalibofya lile onyo likaondoka, kama sote tunavyofanya. Mapande yakatoka robo saa, robo saa, robo saa, mpaka la mwisho. Akatazama la kwanza, safi kabisa. Mengine hakutazama. Akachoma sidii kumi na mbili, akazikabidhi, halafu akamkalisha mjumbe wa ukoo mbele ya kompyuta na kulifuta faili refu, kama desturi yake. Kwangu hakibaki kitu.

Maandishi yalirudi baada ya arubaini ya mzee Marhoon kupita. Anas aliandika mwisho wa pande lake: Bi Shariffa akauliza kama mama yake aliolewa. Adhana. Ghadeer aliandika mwanzo wa pande lake: Adhana. Mzee Marhoon hakujibu.

Maneno matatu. Kitabu kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa Jumamosi, na kwenye safu ya wake mahali pale waliamua kuweka mstari mtupu.

Shariffa akaja Hamriya siku ya Jumatano, asubuhi, akipanda ngazi kwa kushika ukuta. Rahila akamtilia kahawa. Bibi yule hakuja kugombana. Alisema tu kwamba watu wameanza kusema video imekatwa pale makusudi, wengine wanasema kwa ajili yake, wengine dhidi yake, na yeye hamdhanii mtu.

"Nnataka kujua kitu kimoja, mwanangu," akasema. "Mimi niliinamisha kichwa. Sikumtazama. Alifanya nini?"

Siku ile, wakati wa adhana, Rahila mwenyewe alikuwa akitafuta kijiko.

Akampigia Ghadeer, ambaye alikuwa mwalimu huko huko Sib, mwepesi wa kucheka. Ghadeer akaja na sidii yake baada ya adhuhuri. Wakaiweka. Adhana ikasikika vizuri, sauti ya mwadhini imenyooka, lakini pichani palikuwa na uji wa kijivu, uji mtupu, na ndani yake kitu kama mkono kinapita bila mwenyewe. Sekunde moja, mbili, tatu. Ilipofika ya tisa, pu, majlisi ikatokea nzima, na mzee Marhoon amekaa macho chini kama mtu ambaye hakuwahi kuguswa na swali lolote.

"Ndiyo maana niliandika hakujibu," Ghadeer akasema, na safari hii hakucheka. "Nilidhani mtu alipitisha mkono mbele ya kamera."

Rahila akatazama ule uji na akajua papo hapo amefanya nini. Kisu chake kilipita saa moja na nusu kamili, wala si penye picha mama. Picha mama ilikuwa imepita sekunde tatu kabla ya pale, ikabaki kwa Anas. Iliyofuata ilikuja baada ya sekunde tisa. Katikati ya hapo wamekaa watoto watupu, wanasema mkono umesogea, kichwa kimeinama, na hakuna wa kuwaambia mkono wa nani na kichwa kipi.

Ghadeer, kwa nia njema, akauliza kama haiwezekani kulisafisha pande lile, kulipika upya mpaka litakate. Rahila akamwambia hapana, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko alivyotaka. Ukilipika pande hili peke yake, uji ndio unaoiva. Kompyuta itauchora ule uji kama ndio majlisi, iupe na picha mama yake mpya, na hapo ndipo alichofanya mzee kitapotea kweli.

Aliwaza mambo mengi, na mengi yalikuwa ya aibu. Alikuwa amefuta faili la ukoo kwa sababu ya harusi za watu wengine. Alikuwa amejisifu miaka kumi kwa kufuta. Halafu wazo likamjia polepole, kama mtu mnene anayepanda ngazi zake.

Hakuna kilichopikwa. Alichofanya ni kukata tu. Basi wale watoto hawajaharibika hata mmoja, wamo mle mle ndani ya pande la Ghadeer, kila mmoja na habari yake sahihi, wamekosa tu wa kumtegemea. Na mama yao yumo mwishoni mwa pande la Anas. Ukiyaweka mapande mawili mwisho kwa mwanzo, bila kupika, hawatajua kama waliwahi kutengana.

Akampigia Anas.

Anas akakiri, baada ya kuzungukazunguka, kwamba maandishi alishakabidhi, na faili hakulihifadhi popote, na ile sidii ipo, ipo salama, imening'inia kwenye kioo cha gari yake. Inazuia jicho la husuda, alisema, au kamera za barabarani, alisikia yote mawili. Rahila akamwambia aje nayo sasa hivi. Anas akataja foleni ya barabara ya bondeni. Rahila akamtajia sekunde saba. Anas akaja.

Sidii ilikuwa na mikwaruzo ya kuogofya ukingoni, na uzi mwekundu umepita kwenye tundu. Rahila akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona utepe wa rangi nyeusi kidogo karibu na tundu, mwembamba, na nje yake sidii yote tupu. Moyo ukamtulia. Sidii huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na faili la Anas lilikuwa dogo, limejaza pale ndani tu. Jua na mikwaruzo vilikuwa vimekula mahali pasipo na kitu. Akaufungua uzi, akaifuta kwa kitambaa kutoka katikati kwenda ukingoni, akaiingiza. Ikazunguka, ikakohoa, ikasomeka.

Alifungua pande la sita, akaambia programu ilete la saba nyuma yake, moja kwa moja, bila kupika. Kazi ya dakika moja. Lakini hakubofya kuchezesha. Alimtazama Shariffa, ambaye muda wote huo alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja. Kisha akamwomba Anas amwite Murshid, mtoto mkubwa wa Marhoon, maana duka lake la vipuri lilikuwa mtaa wa pili. Rahila hakutaka kesho na keshokutwa mtu aseme waliona wanawake watatu na mtu wa saa.

Murshid akaja na harufu ya mafuta ya gari. Alikuwa ndiye mwenye mamlaka ya kitabu sasa, na ndiye aliyeamuru mstari mtupu. Si kwa ubaya. Alisema hawezi kumwekea baba yake maneno mdomoni. Alimwamkia Shariffa, shikamoo da Shariffa, akasimama nyuma ya kiti chake.

Rahila akarudisha nusu dakika nyuma, akabofya.

Shariffa wa kwenye kioo akauliza. Adhana ikaanza. Saa ya chini ya picha ikafika pale kisu kilipopita, na picha haikustuka hata chembe, ikapita kama maji. Majlisi yote wamenyamaza, vichwa chini. Mzee Marhoon peke yake hakuinamisha. Alikuwa akimtazama Shariffa, utosi wake ulioinama. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akangoja, labda atainua macho. Hakuinua. Akaitikia mara ya pili, kwa nguvu zaidi, akaweka kidole chini ya jicho lake, halafu akajigonga kifua na kidole hichohicho. Nimeona. Mimi nilikuwapo. Kisha akaangalia huku na huku, akaona hakuna aliyemwona, na akateremsha macho kusikiliza adhana.

Hapo ndipo zilipoishia sekunde tisa.

Chini, cherehani ya fundi ilikuwa ikienda na kusimama. Murshid akaomba irudiwe. Wakairudia. Mara ya tatu alipiga magoti karibu na kioo, mtu mzima yule, akawa anamtazama baba yake kuliko alivyotazama jambo lenyewe. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba hivyo hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akiwajibu nyumbani adhana ikiwa inapigwa. Ukimwomba ruhusa ya kutoka, kichwa. Ukimwuliza kama amemwona ng'ombe, jicho na kifua.

"Da Shariffa," akasema, "mstari ule nitauandika kwa mkono wangu."

Shariffa akaitikia kwa kichwa. Halafu akalia kidogo, bila kelele, na sababu yake aliieleza mwenyewe baadaye: si kwamba mama yake aliolewa, hilo moyoni alilijua. Ni kwamba mzee alimngoja ainue macho, na yeye hakuinua.

Rahila akarudi kwenye kazi, maana hajui kukaa na watu wanaolia. Akairudisha alama kwenye kijisanduku chake. Akalikata tena lile faili la watu wawili, safari hii penye picha mama ile inayokuja baada ya sekunde tisa, ili swali na jibu vikae pande moja na asitokee tena mtu wa kuvitenganisha. Akamchomea Ghadeer lake, akamchomea Anas lake, na Shariffa akapewa yote mawili. Murshid akaagiza sidii zote kumi na mbili zirudi, ziunganishwe upya, kwa sababu kila penye kiungo pana uji wake na Mungu ndiye anayejua nani mwingine kajibu nini ndani yake.

Kisha, kwa mazoea, Rahila akamvutia Shariffa kiti mbele ya kompyuta ashuhudie. Mshale ukaenda mpaka kwenye lile faili. Shariffa akamshika mkono.

"Hii iache."

Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Rahila alifikiri kidogo, akatafuta sidii mpya, akaandika jina la Shariffa kwa kalamu ya wino mweusi, na kuiweka kwenye droo ya pesa, ambayo ndiyo pekee dukani mle iliyokuwa na kufuli. Faili la ndani ya kompyuta alilifuta. Neno ni neno.

Anas alikuwa bado amesimama mlangoni na sidii yake mpya. Alikuwa ameshaiangalia saa yake.

"Sasa hii yangu," akasema, "ni robo saa na sekunde tisa."

Wote wanne wakamgeukia. Anas akatazama chini, akasafisha koo, akaomba kalamu, na kwa kuegemea kaunta, akaanza kuandika mstari uliokosekana mwisho wa maandishi yake: Mzee Marhoon akajibu.